Akaunti ya Kamati: Mhazini, Saini Mbili na Daftari Lililo Wazi

Kila mwaka, baada ya mauzo ya ufuta, michango huongezeka katika misikiti, makanisa na kamati za wananchi wa Kata ya Tingi. Wapo wanaochangia mabati ya msikiti, wanaochangia sakafu ya kanisa, na wanaochangia mfuko wa mazishi wa kitongoji. Fedha hizo hutolewa kwa moyo mweupe na hupokelewa na watu wanaoaminika. Hata hivyo, wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na neno la kuzingatia hapo ni hilo la mwisho. Mara nyingi fedha za kamati hazipotei kwa wizi wa wazi. Hupungua kidogo kidogo mpaka siku inapoulizwa zilikokwenda, na siku hiyo hakuna mwenye habari.

Makala hii inaeleza jinsi kamati inavyoweza kuendesha akaunti yake kwa mhazini mmoja, saini mbili na hesabu zinazosomwa na kila mchangiaji. Haihusu akaunti za serikali ya kijiji, shule wala zahanati, ambazo zina miongozo yake ya Serikali. Vilevile haihusu vyombo vya watumia maji ngazi ya jamii, vinavyoongozwa na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019. Inahusu fedha ambazo wananchi wenyewe wamezichanga na wenyewe wamechagua wa kuzitunza.

Akaunti iwe kwa jina la nani

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya shilingi moja kuwekwa benki. Kamati huona kwamba kufungua akaunti ya taasisi kuna karatasi nyingi, hivyo huamua kutumia akaunti binafsi ya mwenyekiti au namba ya simu ya mhazini. Mambo huenda vizuri kwa mwaka mmoja au miwili. Kisha mwenye akaunti hufariki dunia.

Hapo benki haitambui msikiti, kanisa wala kamati, bali humtambua marehemu. Fedha zote zilizo katika akaunti hiyo huhesabiwa kuwa sehemu ya mirathi yake, na haziwezi kutolewa mpaka mahakama iteue msimamizi wa mirathi. Kamati italazimika kwenda kwa wafiwa kudai kwamba sehemu ya fedha za baba yao si zake. Ikiwa hakuna daftari wala stakabadhi, kamati haina cha kuonyesha, na warithi hawana sababu ya kusadiki. Ndipo watu waliozikana pamoja wanapoanza kutosalimiana. Fedha zilizo katika simu ya mtu zina hatari ileile, na zaidi ya hapo namba ya siri huijua yeye peke yake.

Kwa sababu hiyo akaunti ifunguliwe kwa jina la kamati au taasisi yenyewe. Kwa kawaida benki huhitaji katiba ya kikundi au taasisi, uthibitisho wa usajili, muhtasari wa kikao kilichoamua kufungua akaunti na kuwataja watia saini kwa majina, barua ya utambulisho kutoka kwa uongozi wa kijiji au kata, pamoja na picha na vitambulisho vya taifa vya watia saini. Jumuiya za dini husajiliwa na Msajili wa Jumuiya chini ya Sheria ya Jumuiya, Sura ya 337, na wadhamini wanaoshika mali za taasisi husajiliwa RITA chini ya Sura ya 318. Msikiti au kanisa la kijijini mara nyingi huwa tawi la taasisi iliyokwisha kusajiliwa, hivyo hatua ya kwanza ni kuomba barua ya ngazi ya juu ya taasisi hiyo. Kikundi kisicho cha dini huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii.

Saini mbili, na namna zinavyogeuka kuwa moja

Saini mbili zina kazi moja tu, nayo ni kuhakikisha kwamba watu wawili wameyaona malipo kabla hayajafanyika. Karani wa benki halinganishi bei ya mabati na bei ya sokoni. Yeye hutazama iwapo saini zilizo kwenye hundi zinafanana na zile zilizo kwenye kadi ya benki, na zikifanana hulipa. Swali la iwapo malipo ni halali limeachwa kwa watia saini wenyewe.

Udhaifu wa mpango huu hujitokeza pale watia saini wanapokuwa wawili tu. Mmoja akisafiri kwenda Dar es Salaam kwa matibabu au akiwa shambani wakati wa palizi, malipo yote husimama. Ili kazi isikwame, kabla ya kuondoka huombwa aweke saini kwenye hundi tatu au nne zisizoandikwa kitu, naye hufanya hivyo kwa nia njema. Tangu dakika hiyo akaunti ya saini mbili imekuwa akaunti ya saini moja. Anayebaki na kitabu anaweza kuandika kiasi chochote kwa jina lolote, na saini ya aliyesafiri itashuhudia jambo ambalo hakuliona.

Dawa yake si kuwaonya watu wasisaini hundi tupu, kwa kuwa shida ya safari itabaki palepale. Dawa ni kuwa na watia saini wanne walio katika makundi mawili. Kundi A linaweza kuwa na mwenyekiti na katibu, na kundi B likawa na mhazini na mjumbe mmoja aliyechaguliwa na mkutano. Maelekezo yanayopelekwa benki yaseme wazi kwamba kila malipo yatahitaji saini moja kutoka kila kundi. Kwa mpango huo yeyote akisafiri yupo wa kushika nafasi yake, na hakuna anayelazimika kuacha saini nyuma.

Mambo mawili yaongezwe. Kwanza, watia saini wasiwe ndugu wa damu wala mume na mke, kwa kuwa ni vigumu kwa mtu kumkatalia kaka yake mbele ya watu. Pili, mtia saini anapoacha uongozi, benki iandikiwe mara moja, barua ikiambatana na muhtasari wa kikao kilichomchagua mwingine. Uamuzi wa mkutano peke yake haubadilishi kitu benki. Mpaka barua ifike na kadi ibadilishwe, aliyeondoka bado ana mamlaka ya kutoa fedha, na aliyechaguliwa hana.

Tahadhari ya tatu inahusu huduma za benki kwa njia ya simu. Mhazini akiunganisha akaunti ya kamati na simu yake, na huduma hiyo ikamruhusu kutoa fedha kwa namba yake ya siri pekee, saini nne zilizo benki hazina kazi tena. Kabla ya kukubali huduma yoyote ya simu, kamati iiulize benki iwapo kila malipo yatasubiri idhini ya mtu wa pili. Kama jibu ni hapana, simu itumike kupokea taarifa ya salio tu.

Safari ya shilingi, kutoka mkononi hadi benki

Mhazini ndiye mtunza daftari, lakini hapaswi kuwa peke yake katika kila hatua. Kanuni inayofaa hata kwa kamati ndogo ni kwamba anayehesabu, anayeandika na anayekagua wasiwe mtu mmoja.

Sadaka ya Ijumaa au ya Jumapili ihesabiwe papo hapo, kabla haijatoka msikitini au kanisani, na watu wawili ambao si mhazini. Kiasi kiandikwe kwenye karatasi ya kuhesabia, kwa tarakimu na kwa maneno, kisha wote wawili waweke saini. Mhazini hupokea fedha pamoja na karatasi hiyo na kuandika stakabadhi moja kwa jumla yote. Mchango wa mtu mmoja mmoja huandikiwa stakabadhi yake. Kitabu cha stakabadhi kiwe na namba zilizochapishwa na nakala ya kaboni, na stakabadhi iliyoharibika isichanwe, bali ipigwe mstari na kuachwa kitabuni. Wakulima wa Kilwa wanaijua kanuni hii vema, kwani hakuna anayeacha ufuta wake ghalani kwa AMCOS na kurudi nyumbani bila stakabadhi. Mchango wa mabati unastahili heshima ileile.

Fedha zilizopokewa zipelekwe benki zote kama zilivyo. Hili ndilo sharti linalovunjwa zaidi. Sadaka imekuwa 86,500, fundi anadai 20,000, na mhazini, ili kuokoa safari, humlipa fundi na kupeleka benki 66,500. Hakuiba kitu. Lakini amevunja uzi unaounganisha karatasi ya kuhesabia, stakabadhi na hati ya kuweka fedha benki. Kiasi kilekile kinapoonekana katika karatasi zote tatu, mtu yeyote anaweza kukagua. Kisipofanana, itabidi kuamini maelezo ya mdomo.

Ni kweli kwamba safari ya Kilwa Masoko ina nauli yake, na kamati haiwezi kwenda benki kila sadaka inapokusanywa. Wakala wa benki aliye karibu anaweza kupokea fedha za kuwekwa katika akaunti, mradi hati anayotoa ihifadhiwe pamoja na stakabadhi. Na kwa matumizi madogo yasiyongoja hundi, kamati iweke masurufu, yaani kiasi maalumu cha fedha taslimu kilichoidhinishwa, kwa mfano shilingi 60,000. Kila matumizi yake yawe na hati. Mwisho wa mwezi hulipwa kutoka benki kiasi kilekile kilichotumika, ili sanduku lirudi kuwa na 60,000. Wakati wowote, hati zilizomo sandukuni zikijumlishwa na fedha zilizobaki, jibu lazima liwe 60,000.

Jambo la mwisho kuhusu mapokezi ni kutenganisha mifuko. Mtu aliyetoa zaka hakutoa fedha za rangi, na aliyechangia mabati hakuchangia posho ya kikao. Si lazima kuwa na akaunti nyingi benki, bali daftari liwe na safu moja kwa kila mfuko: zaka, sadaka ya kawaida, ujenzi. Jumla ya mifuko yote ilingane na salio la daftari. Salio la benki linaweza kuwa kubwa ilhali mfuko wa ujenzi umekwisha, na kamati isiyotenganisha mifuko haitalijua hilo mpaka imekwisha kutumia zaka kununua saruji.

Mfano wa mwezi mmoja

Kazi muhimu kuliko zote za mhazini hufanyika mwisho wa mwezi, nayo ni kulinganisha daftari na taarifa ya benki. Watunza hesabu huiita usuluhishi wa kibenki. Mfano ufuatao ni wa kubuni, umetungwa ili kuonyesha hatua zake. Tuseme ni kamati ya msikiti inayoezeka paa katika mwezi wenye Ijumaa tano, na Ijumaa ya mwisho imeangukia siku ya mwisho ya mwezi.

Mwanzoni mwa mwezi daftari lilionyesha salio la benki la shilingi 1,240,000. Sadaka za Ijumaa tano zilikuwa 86,500, kisha 92,000, 78,500, 70,000 na 101,000, jumla 428,000. Michango ya mabati ilikuwa 640,000, ambapo 400,000 zilitolewa taslimu na 240,000 zilitumwa kwa simu ya mhazini. Mapato yote ya mwezi yalikuwa 1,068,000.

Katika matumizi, mabati 30 yalinunuliwa kwa shilingi 32,000 kila moja, jumla 960,000, kwa hundi. Fundi alilipwa malipo ya awali ya 100,000 kwa hundi. Masurufu yaliongezewa 45,000 kufidia umeme wa LUKU 20,000, sabuni na mafagio 10,000 na nauli ya benki 15,000. Matumizi yote yalikuwa 1,105,000.

Mhazini akachukua 1,240,000, akajumlisha 1,068,000 na kutoa 1,105,000. Daftari likampa salio la 1,203,000. Alipopata taarifa ya benki, ilionyesha 1,156,000. Tofauti ni shilingi 47,000.

Mahali hapa ndipo minong'ono huanzia, na ndipo mhazini asiyejua kazi yake huanza kutetemeka. Kumbe daftari na benki mara nyingi hutofautiana bila mtu kukosea, kwa sababu habari haziwafikii siku moja. Kinachotakiwa ni kuipitia taarifa ya benki mstari kwa mstari, kuweka alama ya vema kwa kila kilichomo pande zote mbili, kisha kutazama kilichobaki bila alama.

Mhazini wa mfano wetu alikuta vitu vitatu. Sadaka ya Ijumaa ya mwisho, 101,000, ilikuwa imeandikwa daftarini lakini ilipelekwa benki Jumatatu, mwezi ulipokwisha geuka. Hundi ya fundi, 100,000, ilikuwa imeandikwa daftarini lakini fundi alikuwa hajaipeleka benki. Na benki ilikuwa imekata gharama za uendeshaji 6,000, ambazo daftari halikuwa nazo kwa kuwa mhazini hakuzijua.

Vitu viwili vya kwanza hurekebishwa upande wa benki, kwa kuwa benki ndiyo iliyochelewa kupata habari. Kwa hiyo 1,156,000 hujumlishwa 101,000 na kutolewa 100,000, na jibu ni 1,157,000. Kitu cha tatu hurekebishwa upande wa daftari. Gharama ya 6,000 huandikwa kama matumizi, na 1,203,000 huwa 1,197,000.

Pande zote mbili sasa zilipaswa kulingana, lakini hazikulingana. Daftari lilisema 1,197,000 na benki ilisema 1,157,000. Sababu zote halali zilikuwa zimekwisha tolewa, na bado shilingi 40,000 hazikuonekana.

Kazi iliyobaki ikawa rahisi, kwa kuwa kiasi kinachotafutwa kilijulikana. Mhazini akapitia nakala za stakabadhi akitafuta 40,000, akaikuta moja, ya mchango wa mabati uliotumwa kwa simu. Hati ya kuhamisha fedha kutoka simu kwenda benki ilionyesha 200,000, si 240,000. Mchango huo wa mwisho uliingia kwenye simu baada ya mhazini kuhamisha ile iliyotangulia. Aliuandikia stakabadhi, akauingiza daftarini, akasahau kuuhamisha. Fedha zilikuwa bado ndani ya simu, zimechanganyika na za kwake. Akazihamisha siku hiyohiyo, akaandika maelezo chini ya ukurasa, na mkaguzi wa kamati akaweka saini.

Kama usuluhishi usingefanyika, 40,000 hizo zingetumika taratibu kununua unga na vocha bila mwenye simu kujua kwamba anatumia mali ya msikiti. Miezi sita baadaye hakuna ambaye angekumbuka, na kosa la kusahau lingeitwa wizi. Tena mfano huu unaonyesha kwa nini simu ya mhazini haifai kuwa kituo cha michango. Mitandao ya simu ina njia ya kutuma fedha moja kwa moja kwenye akaunti ya benki, na namba ya akaunti ndiyo inayofaa kutangazwa.

Wakati mwingine tofauti huwa ni kosa la kuandika tu. Ipo njia ya zamani ya kulitambua. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubakiza, huenda tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Aliyeandika 29,000 badala ya 92,000 atapata tofauti ya 63,000, ambayo ukiigawanya kwa 9 unapata 7,000 kamili. Si ushahidi wa hakika, bali huonyesha pa kuanzia kutafuta.

Usuluhishi usioona kila kitu

Wananchi wajue pia mipaka ya kazi hii. Kulinganisha daftari na benki hugundua fedha zilizoandikwa zikakosekana. Hakugundui fedha ambazo hazikuandikwa kabisa. Noti iliyochukuliwa kabla ya sadaka kuhesabiwa haimo katika karatasi yoyote, hivyo hakuna hesabu itakayoionyesha. Kinga yake ni wale wahesabuji wawili na stakabadhi yenye namba, wala si mhazini hodari.

Vilevile hakugundui bei iliyopandishwa wala bidhaa isiyofika. Hundi ya 960,000 italingana na daftari na benki hata kama mabati yaliyoletwa ni 26. Ndiyo maana kila hundi iambatane na hati ya malipo inayoeleza kinacholipiwa, ikiwa na ankara ya muuzaji na saini ya mtu aliyepokea mzigo na kuuhesabu. Kwa manunuzi makubwa, bei za wauzaji watatu ziambatishwe. Mtia saini wa pili asitazame hundi peke yake. Atazame hati iliyo chini yake, na akiona hakuna hati, asisaini. Baada ya hapo mwananchi yeyote anaweza kusimama uani na kuhesabu mabati yaliyo juu ya paa.

Daftari kuwa wazi maana yake nini

Kamati nyingi husema kwamba hesabu zao ziko wazi, yaani anayetaka aende kwa mhazini akaulize. Lakini kwenda nyumbani kwa mzee anayeheshimika na kumuuliza juu ya fedha ni sawa na kumshutumu, na wengi huona haya. Uwazi wa kweli ni ule usiomlazimu mtu kuuliza.

Ukurasa mmoja ubandikwe kila mwezi kwenye ubao wa msikiti, kanisa au ofisi ya kitongoji, kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata. Uwe na salio la mwanzo, mapato kwa kila mfuko, matumizi kwa kila jambo, salio la mwisho la daftari, salio la taarifa ya benki na sababu za tofauti kati yake. Uwe na saini ya mhazini na ya mjumbe aliyekagua, ambaye si mtia saini wa benki. Taarifa hiyo isomwe pia kwa sauti baada ya ibada, kwa ajili ya wasioweza kuusoma ubao.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba sadaka ni siri kati ya mja na Mola wake, na kutangaza majina ni kuwaaibisha waliotoa kidogo. Hoja hiyo ni ya haki na ina jibu. Ubao hauhitaji majina. Unahitaji namba za stakabadhi na kiasi chake. Aliyetoa 5,000 na kupewa stakabadhi namba 0131 ataitazama namba yake, aone 5,000 imeandikwa, na aondoke bila mtu mwingine kujua kwamba ni yeye. Asipoiona, au akiona 3,000, anayo karatasi mkononi. Kwa njia hii kila mchangiaji huwa mkaguzi wa mstari mmoja, na mistari yote ikikaguliwa, daftari zima limekaguliwa.

Mwisho wa mwaka, mkutano wa wanachama au waumini uchague watu wawili wasio katika kamati wapitie vitabu vyote: stakabadhi kwa mfululizo wa namba, hati za malipo, taarifa za benki za miezi 12 na rejesta ya mali. Huanza kwa kuuliza iwapo kuna kitabu cha stakabadhi kilichonunuliwa lakini hakipo. Kitabu kilichopotea ni dalili mbaya kuliko hesabu isiyolingana, kwa kuwa hesabu isiyolingana bado inaweza kutafutwa.

Mhazini anapokabidhi ofisi, makabidhiano yafanywe kwa maandishi mbele ya kamati. Salio la benki, fedha za masurufu, namba ya mwisho ya stakabadhi na namba ya mwisho ya hundi ziandikwe, na anayetoka na anayeingia wote wasaini. Karatasi hiyo humlinda anayetoka zaidi kuliko inavyomlinda anayeingia, kwani kuanzia hapo hawezi kuulizwa kilichotokea baada yake.

Kamati ambazo bado hazina akaunti, au zinazotumia akaunti ya mtu binafsi, zinashauriwa kuanza kwa kufanya kikao, kuandika muhtasari wenye majina ya watia saini wanne na makundi yao, na kuufikisha Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Tingi ili kupata barua ya utambulisho. Vikundi vinavyohitaji msaada wa kuandika katiba vimwone Afisa Maendeleo ya Jamii. Wakati huo karatasi za benki zikishughulikiwa, kitabu cha stakabadhi chenye namba na daftari lenye safu za mifuko vinaweza kuanza kutumika Ijumaa au Jumapili ijayo, kwa kuwa havihitaji idhini ya benki yoyote.